Siku ya Daraja: Inatoka Wapi na Nani Anailipa

Kalenda ya mwaka 2026 katika Burundi ina jambo ambalo kila mkuu wa kituo hana budi kulitambua kabla ya kutia sahihi orodha ya zamu. Noeli ya mwaka 2025 iliangukia Alhamisi. Mwaka Mpya wa 2026 uliangukia Alhamisi. Siku ya Umoja, tarehe 5 Februari, ni Alhamisi. Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, tarehe 14 Mei, nayo ni Alhamisi. Mara nne katika muda usiozidi miezi mitano, sikukuu imesimama upande mmoja, Jumamosi na Jumapili zimesimama upande wa pili, na katikati imebaki Ijumaa moja peke yake. Ijumaa hiyo ndiyo wanayoiita watu siku ya daraja. Anayeivuka bila kufanya kazi hupata mapumziko ya siku nne mfululizo kwa kuacha siku moja tu ya kazi.

Jina hilo limefika kwetu kutoka katika lugha ya Kifaransa, na limeshika kwa sababu ni picha iliyo wazi. Lakini picha hiyo inaficha jambo moja. Sikukuu imo katika orodha ya serikali, na Jumapili ni mapumziko ya juma yanayojulikana na wote. Siku ya daraja haimo katika orodha yoyote. Kwa sheria ni siku ya kazi kama Jumanne yoyote ile. Ikiwa watu wamepumzika siku hiyo, basi mahali fulani mtu ameilipa, ama kwa amri ya serikali, ama kwa saa za kazi zilizofidiwa siku nyingine, ama kwa siku ya likizo ya mhusika mwenyewe, ama kwa jasho la mwenzake aliyebaki lindoni. Katika majeshi ya ulinzi na usalama hilo la mwisho ndilo linalotokea mara nyingi zaidi, na ndilo linalostahili kuelezwa kwa makini.

Kwanza yafaa ieleweke jinsi daraja linavyozaliwa. Sikukuu yenye tarehe maalum haikai katika siku moja ya juma. Mwaka wa kawaida una siku 365, yaani majuma 52 na siku moja. Siku hiyo moja iliyozidi ndiyo inayoisukuma tarehe mbele. Siku ya Uhuru, tarehe 1 Julai, ilikuwa Jumatatu mwaka 2024, Jumanne mwaka 2025, na ni Jumatano mwaka 2026 na Alhamisi mwaka 2027. Mwaka 2028 una tarehe 29 Februari, kwa hiyo tarehe hiyo itaruka siku mbili na kuangukia Jumamosi.

Katika safari hiyo, kila siku ya juma ina matokeo yake. Sikukuu ikiangukia Jumatatu au Ijumaa, huungana yenyewe na mwisho wa juma, na hakuna anayehitaji kujenga kitu. Ikiangukia Jumamosi au Jumapili, humezwa, na mfanyakazi wa afisini huiona imepotea. Ikiangukia Jumanne au Alhamisi, hubaki siku moja katikati, na hapo ndipo daraja jepesi linapoonekana. Ikiangukia Jumatano, daraja linahitaji siku mbili za kazi, na wengi hawalijaribu, isipokuwa wale walio na likizo ya kutosha.

Sikukuu ya Kupaa haifuati kanuni hiyo. Hiyo huhesabiwa kuanzia Pasaka, siku ya 40, na kwa kuwa Pasaka ni Jumapili daima, Kupaa ni Alhamisi daima. Mwaka 2025 ilikuwa tarehe 29 Mei, na mwaka 2026 ni tarehe 14 Mei. Kila mwaka, bila kukosa, hutoa daraja la Ijumaa. Mkuu wa kituo anaweza kuliandika katika daftari lake miaka kumi mapema.

Kuna pia ukoo wa tarehe ambao si watu wengi wanaouona. Kutoka Noeli hadi Mwaka Mpya ni siku 7 kamili. Kutoka Mwaka Mpya hadi tarehe 5 Februari ni siku 35, yaani majuma matano kamili. Kwa hiyo sikukuu hizo tatu za Burundi huangukia siku moja ya juma kila msimu. Noeli ikiwa Alhamisi, nyingine mbili nazo ni Alhamisi. Noeli ikiwa Jumanne, nyingine mbili ni Jumanne. Madaraja yake huja matatu kwa pamoja au hayaji kabisa. Tarehe 13 na 21 Oktoba nazo zimetengana kwa siku 8, kwa hiyo ya pili huwa siku moja mbele ya ya kwanza katika juma. Mwaka 2025 tarehe 13 ilikuwa Jumatatu, ikaungana yenyewe na mwisho wa juma. Tarehe 21 ikawa Jumanne, na Jumatatu tarehe 20 ikabaki katikati.

Serikali za dunia zimelishughulikia jambo hili kwa njia mbalimbali, na kila njia ina bei yake. Amerika ilipitisha sheria mwaka 1968, ikaanza kutumika mwaka 1971, ya kuzihamisha baadhi ya sikukuu zake ziwe Jumatatu daima, ili mapumziko marefu yapatikane bila daraja. Miongoni mwa sikukuu zilizohamishwa ilikuwa ile ya kuwaheshimu askari waliotumikia vitani, ambayo tangu zamani ilikuwa tarehe 11 Novemba, siku mizinga iliponyamaza mwaka 1918. Ikapelekwa Jumatatu ya nne ya Oktoba. Askari wa zamani hawakukubali, na majimbo mengi yakaendelea kuiadhimisha tarehe ya kale. Baada ya miaka michache sheria ikabadilishwa, na tangu mwaka 1978 siku hiyo imerudi tarehe 11 Novemba, iwe Jumatano au iwe Jumapili.

Kisa hicho kinaeleza kwa nini sikukuu nyingi za Burundi haziwezi kusogezwa ili kurahisisha mapumziko. Tarehe 13 Oktoba ni siku aliyouawa Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore mwaka 1961. Tarehe 21 Oktoba ni siku aliyouawa Rais Melchior Ndadaye mwaka 1993. Tarehe 6 Aprili ni siku alipokufa Rais Cyprien Ntaryamira mwaka 1994. Siku ya kifo haihamishwi hadi Jumatatu. Na kwa kuwa tarehe haisogei, daraja hutokea kila tarehe hizo zinapofika Jumanne au Alhamisi. Aliyeshika tarehe amekubali pia kwamba daraja litakuja, na anapaswa kuamua mapema atalifanyia nini.

Japani ilichagua njia nyingine. Kwa sheria ya mwaka 1985, siku ya kazi iliyobanwa kati ya sikukuu mbili ilifanywa kuwa sikukuu yenyewe, na tarehe 4 Mei ikapata mapumziko kwa sababu hiyo. Uchina na Hungaria hubadilishana siku: Ijumaa ya daraja hupumzikwa, na Jumamosi nyingine hufanywa siku ya kazi, ili hesabu ya mwaka isipungue. Ufaransa huwaachia waajiri: sheria ya kazi yaruhusu saa zilizopotea kwa sababu ya daraja zifidiwe baadaye. Katika Kenya sheria imeshughulika na jambo lililo kinyume cha daraja: sikukuu ikimezwa na Jumapili, siku inayofuata ambayo si sikukuu hupumzikwa badala yake. Ndiyo kusema, hapana nchi ambayo siku ya daraja imepatikana bure. Ama Jumamosi imelipa, ama saa za jioni zimelipa, ama hazina ya umma imelipa mshahara wa siku isiyofanyiwa kazi.

Sasa na itazamwe pwani ya Tanganyika. Kutoka Bujumbura Barabara ya Taifa nambari 3 hushuka kusini ikilifuata ziwa, hupita chini ya milima ya Bugarama, kisha hufika Rumonge, safari ya zaidi ya kilomita 70. Jioni ya kuamkia sikukuu ya Alhamisi, yaani Jumatano, magari ya wale wanaokwenda makwao na wale wanaokwenda ufukweni hushuka kwa wingi kuliko siku za kawaida, na Jumapili alasiri hupanda tena. Ijumaa yenyewe, siku ya daraja, barabara huwa na utulivu. Hilo ni muhimu kwa anayepanga doria. Uzito wa mapumziko marefu hauko katikati ya daraja bali katika ncha zake mbili. Mkuu anayewaacha askari wake waondoke Jumatano saa nane mchana na kurudi Jumapili usiku amewaondoa katika saa zile zile ambazo barabara inawahitaji zaidi.

Hali ya afisi ni kinyume chake. Ijumaa ya daraja kwa sheria afisi zimefunguliwa. Kwa kweli mara nyingi yupo karani mmoja, na mwenye mhuri hayupo. Mwananchi aliyeteremka kutoka mlimani kwa miguu ili apate hati huambiwa arudi Jumatatu. Kwa polisi jambo hilo lina uzito zaidi, kwa sababu mtu aliyekamatwa Jumatano jioni amekwisha kuanza kuhesabiwa siku zake za kizuizini. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Jalada lake likikaa katika meza ya mtu aliyevuka daraja, siku nne zimekwisha kabla ya neno moja kuandikwa. Afisa mwangalifu huyapitia majalada ya kizuizini Jumatano asubuhi, na huhakikisha kwa kila jalada jina la mtu atakayelishughulikia Ijumaa, na mahali atakapopatikana.

Wahalifu wakubwa wanajua kuisoma kalenda. Mnamo Februari 2016 wezi walioingia katika mitambo ya Benki Kuu ya Bangladeshi walituma amri za kuhamisha fedha usiku wa Alhamisi tarehe 4. Katika Bangladeshi mapumziko ya juma ni Ijumaa na Jumamosi. Katika Nyuyoki, ambako fedha zilikuwa zimewekwa, mapumziko ni Jumamosi na Jumapili. Na katika Manila, ambako fedha zilipelekwa, Jumatatu tarehe 8 ilikuwa sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina. Benki ya Bangladeshi ilipoomba malipo yasimamishwe, benki ya Manila ilikuwa imefungwa. Jumanne, fedha zikatolewa. Dola milioni 81 zilipita katika daraja lililoungwa kwa mapumziko ya miji mitatu. Hapakuwa na mlango uliovunjwa. Palikuwa na meza zisizo na watu, siku zilizojulikana mapema.

Katika vita mambo ni yale yale. Mwishoni mwa Januari 1968, katika sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kivietnamu, pande zote zilikuwa zimetangaza kusimamisha mapigano, na sehemu kubwa ya askari wa Vietnamu ya Kusini walikuwa wamepewa ruhusa kwenda makwao. Mashambulio yakaanza katika miji mingi kwa usiku mmoja. Adui hakuhitaji mpelelezi kumwambia ni lini makambi yatakuwa na watu wachache, kwa sababu kila kalenda ya ukutani ilimwambia.

Haifuati kutokana na hayo kwamba askari asipumzike. Askari asiyepumzika ni mlinzi anayesinzia. Swali ni jinsi ya kuligawa daraja ili kituo kisibaki tupu na mzigo usimwangukie mtu yule yule. Jibu linapatikana kwa hesabu ndogo, na hesabu yenyewe yafaa ifanywe hadi mwisho.

Tuchukulie kituo chenye askari 24 katika mlima wa Bugarama. Wamegawanywa katika zamu nne za watu 6, na kila zamu hushika lindo kwa saa 24, kisha huiachia inayofuata. Kwa hiyo katika siku nne kila askari hulinda saa 24. Kanuni ya kituo ni kwamba watu wasiopungua 12 wawepo daima: 6 lindoni na 6 wa akiba. Basi katika mapumziko marefu ya kuanzia Alhamisi tarehe 14 Mei hadi Jumapili tarehe 17 Mei, wanaoweza kupewa ruhusa ni 12 tu.

Kazi ya lindo kwa siku nne hizo ni watu 6 kwa saa 24 kwa siku 4, jumla saa 576. Ruhusa haipunguzi hata saa moja katika hizo. Watu 12 wakiondoka, 12 waliobaki wanazigawana saa 576, na kila mmoja analinda saa 48 badala ya 24. Hiyo ndiyo bei halisi ya daraja katika kituo hicho: saa 24 za ziada kwa kila aliyebaki. Katika Ufaransa saa hizo zingefidiwa na yule aliyepumzika. Katika kambi isiyo na utaratibu hazifidiwi na mtu. Katika kambi yenye utaratibu huandikwa kama deni, na aliyevuka daraja hulilipa katika daraja linalofuata, au katika siku za kawaida kwa kumlindia mwenzake zamu moja nzima.

Wakuu wengine hudhani kwamba mzunguko wa zamu utaleta haki wenyewe. Yafaa dhana hiyo ipimwe. Zamu A ikiwa imeshika lindo siku ya Noeli, tarehe 25 Desemba 2025, na mzunguko ukaendelea bila kukatika, B itashika Ijumaa ya daraja, tarehe 26. Juma likipita, D itashika Mwaka Mpya, na A itashika Ijumaa tarehe 2 Januari. Tarehe 5 Februari itaangukia C, na Ijumaa yake D. Tarehe 14 Mei, siku 140 baada ya Noeli, itarudi kwa A, na Ijumaa yake kwa B. Ukijumlisha, zamu A imeshika siku tatu kati ya siku hizo nane, nayo imepewa Noeli na Kupaa zote mbili. B imeshika mbili, D mbili, na C moja tu. Hakuna aliyekusudia upendeleo. Mzunguko wa siku nne umegongana na juma la siku saba, na matokeo yake ni hayo.

Mahali ambapo zamu hupangwa kwa siku za juma, hali ni mbaya zaidi. Ikiwa kikundi kimoja ni cha Alhamisi daima, kikundi hicho kimeshika Noeli, Mwaka Mpya, Siku ya Umoja na Kupaa, zote nne. Msimu wa sikukuu za Jumanne utawaangukia wa Jumanne vivyo hivyo. Malalamiko yanapozuka katika kituo cha namna hiyo, kiongozi asiyeijua kalenda huyaita uvivu. Mwenye kuijua atalichukua daftari la zamu, atahesabu, na ataona kwamba walalamikaji wanasema kweli.

Dawa yake ni kuzitenga sikukuu na madaraja yake na mzunguko wa kawaida, na kuziandikia orodha ya peke yake mwanzoni mwa mwaka. Kituo cha watu 24 hugawanywa nusu mbili. Kwa kuwa siku hazina uzito sawa mbele ya familia, hazifai kupokezwa kwa zamu tu. Nusu ya kwanza ikipewa ruhusa ya Noeli, nusu ya pili ipewe Mwaka Mpya na Siku ya Umoja; kisha Kupaa iende kwa nusu ya kwanza, na mwaka unaofuata mpango ugeuzwe. Hivyo kila mmoja anajua tangu Desemba daraja lipi ni lake na lipi ni la mwenzake. Askari aliyejua miezi mitano mapema kwamba atabaki tarehe 15 Mei hana sababu ya kuomba ruhusa ya kilio Jumatano jioni.

Katika Rumonge kuna jambo la nyongeza, kwa sababu mji huo una Waislamu wengi, na Idi ni sikukuu ya taifa. Mwezi wa Ramadhani una siku 29 au 30, na haijulikani hadi mwezi unapoandama. Ikiwa jioni ya siku ya 29 ni Jumatano, mwezi ukionekana Idi ni Alhamisi, na Ijumaa inakuwa siku ya daraja. Usipoonekana, Idi ni Ijumaa, nayo inaungana yenyewe na mwisho wa juma. Daraja limezaliwa au limekufa kwa saa moja ya machweo. Mkuu wa kituo hawezi kungoja machweo hayo ndipo aandike zamu. Huandika orodha mbili, moja ya mwezi kuonekana na nyingine ya kutoonekana, na zote mbili huwekwa ukutani mapema. Na pale ambapo kituo kina askari wa dini mbalimbali, maafikiano hupatikana kwa urahisi: Mwislamu hushika lindo siku ya Noeli, na Mkristo hushika siku ya Idi. Maafikiano hayo nayo huandikwa, kwa maana kisichoandikwa husahauliwa na yule aliyekwisha kupumzika.

Limebaki daraja la siri, yaani lile lisiloombwa. Askari hakupewa ruhusa ya Ijumaa, lakini Ijumaa hayupo. Aghalabu huanza kwa homa ya ghafla Jumatano jioni, inayopona Jumapili usiku. Homa ya kweli ipo katika pwani ya ziwa, na malaria haitazami kalenda. Kwa sababu hiyo hiyo malaria haiwezi kupenda Ijumaa za daraja kuliko Ijumaa nyingine. Mkuu akitaka kujua, na alinganishe katika daftari idadi ya wagonjwa wa Ijumaa za kawaida na ya Ijumaa zilizofuata sikukuu. Idadi zikikaribiana, watu wake ni wagonjwa kweli. Ya pili ikiwa mara mbili au tatu ya ya kwanza, ugonjwa huo una jina jingine.

Dalili nyingine ni daftari la makabidhiano. Katika siku za kawaida kila zamu huandika kwa mkono wake saa ya kupokea lindo, hesabu ya silaha na kasoro zilizoonekana. Ukikuta makabidhiano ya Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi yameandikwa kwa wino mmoja, kwa mkono mmoja, na kasoro ni zile zile neno kwa neno, basi mtu mmoja amelinda siku tatu, au hakuna aliyelinda. Wenzake wamemwachia kalamu wakavuka. Naye amekubali, kwa kuwa juma lijalo atahitaji wamfanyie vivyo hivyo. Makubaliano ya namna hiyo yanaonekana kama urafiki hadi siku ghala linapokutwa wazi, na mwenye mkono ule ulio daftarini akasimama peke yake mbele ya mkuu wake.

Daraja la siri hupungua pale ambapo daraja la wazi lipo. Mtu hutoroka Ijumaa kwa sababu hana hakika kama atapata nyingine. Akiona jina lake katika orodha ya Mei tangu Desemba, na akaona mwaka uliopita orodha ilifuatwa bila mkubwa kumpisha nduguye mbele, atangoja. Lakini orodha iliyovunjwa mara moja kwa upendeleo haiaminiwi tena, na kituo hurudia homa zake za Jumatano.

Mwaka 2026 tarehe 13 Oktoba ni Jumanne, na Jumatatu ya tarehe 12 imo katikati. Tarehe 21 ni Jumatano, nayo haitoi daraja jepesi. Watumishi wa afisi watalitazama daraja hilo moja la Oktoba kama bahati iliyopita njiani. Kituoni Bugarama saa za lindo kuanzia Jumamosi tarehe 10 hadi Jumanne tarehe 13 zitakuwa 576, kama zilivyokuwa Mei, na majina ya watakaozishika yanaweza kuandikwa tangu leo.